Belo la blauzi Mlango Mmoja kwa 460,000 au niagize la Dar kwa 340,000? Wazoefu wa mitumba njooni

BintiIgoma

Habari za humu ndani wakuu. Shikamooni wakubwa zangu.

Nipo Mwanza, Igoma. Nauza blauzi za mtumba kwenye magulio ya huku pembeni. Mpaka sasa sijawahi kununua belo. Naamka alfajiri nakwenda soko la Mlango Mmoja, nasubiri wenye mali wafungue, nachagua pisi moja moja. Zile kali wananiuzia 3,000, mimi nauza 5,000.

Nimejikusanyia 700,000 na nimechoka kugombania nguo na watu wenye viwiko vigumu. Nataka belo langu mwenyewe. Kuna muuzaji wa jumla hapa hapa ananiambia belo la blauzi la kilo 45, gredi A, ni 460,000. Kuna mwingine yupo Dar, tumekutana mtandaoni, anasema analo hilo hilo la gredi A kwa 340,000, nitume hela kwa simu alipakie kwenye basi. Nauli ya mzigo 20,000.

Tofauti ya laki moja siyo ndogo kwangu. Nifanyeje? Na hiyo gredi A nitaijuaje kabla sijakata mkanda?

KijanaKirumba

Dada angu hapo usiumize kichwa, uliza nchi tu. Belo la Uingereza chukua hata ukiwa umefumba macho. Kanada ni zuri pia. Korea ni la vijana. Ukisikia China kimbia, vitambaa vyepesi, ukifua mara mbili ni dekio. Gredi gredi hizo ni maneno ya kuuzia, nchi ndiyo kila kitu.

Mtu_wa_Vizimba

Kupata kizimba pale siku hizi siyo rahisi, lazima uwe na mtu. Na usikubali kukodishwa na aliyekodishwa, nenda ofisi ya soko uulize jina la mwenye kizimba. Ushuru nao uwe unadai risiti. Ukitaka naweza kukuelekeza.

BintiIgoma

Asante kaka, ila sijaulizia kizimba, mimi ni wa magulio. Nauliza belo.

BabaMabelo

Mwangaluka binti. Nimefanya kazi ya kubeba, baadaye ya kupanga mali kwenye ghala, sasa nauza mwenyewe, kwa hiyo nitaongea nilichokishika kwa mikono.

Kabla ya kusema uchukue lipi, weka hesabu mezani, kwa sababu watu wengi wanalinganisha bei ya belo na bei ya belo. Hilo ni kosa. Linganisha kilichomo. Nakupa karatasi ya belo moja la blauzi, kilo 45, tulilofungua na mpwa wangu. Bei ilikuwa hiyo hiyo 460,000, bajaji 5,000, jumla 465,000. Tulitoa kila pisi tukaihesabu kabla ya mteja yeyote kugusa. Zilikuwa 248.

Tukazigawa hivi. Chaguo la kwanza 62. Chaguo la pili 118. Chaguo la tatu 48. Zisizouzika kabisa 20. Na niseme wazi kwamba hilo lilikuwa belo zuri, halijachezewa.

Sasa ukigawa 465,000 kwa 248 unapata kama 1,875 kwa pisi, na hapo ndipo watu wanapochekelea, maana wanaona "nitauza 2,500, nina faida". Lakini la tatu unalisukuma kwa 1,000 na zile 20 hazina bei. Ukigawa mtaji kwa zile 180 zinazouzika kwa bei ya maana, kila moja imekugharimu karibu 2,600. Maana yake chaguo la pili, ambalo ndilo lingi kuliko yote, ukiliuza 2,500 hata hela yake halijarudisha. Faida yote ya belo imekaa kwenye zile 62.

Mauzo ya mpwa wangu: la kwanza 62 kwa 5,000 ni 310,000. La pili aliuza 80 kwa 2,500, ikawa 200,000, zile 38 zilizobaki zikamdodea akazishusha 1,500, ikawa 57,000. La tatu 48,000. Jumla 615,000. Toa mtaji, kimebaki 150,000. Na bado hujatoa nauli za magulio, ushuru, sabuni, mkaa wa pasi na chakula.

Sasa chukua belo hilo hilo, fanya kama kuna mtu kalifungua kabla yako akachomoa zile 62 na kuweka nyingine za kawaida. Pisi bado ni 248, uzito bado kilo 45, juu bado kimeandikwa A. Zile 62 unaziuza 1,500, unapata 93,000 badala ya 310,000. Mauzo yote yanakuwa 398,000. Umekula hasara ya 67,000 kabla hujapanda hata daladala.

Hilo la Dar la 340,000, na nauli 360,000, likiwa limechomolewa hivyo litakuachia 38,000. Likiwa zima, litakupa faida nzuri kuliko la hapa. Kwa hiyo swali lako la kweli siyo 460 au 340. Swali ni: nani kati ya hao wawili anauza belo ambalo halijaguswa?

Mlalahoi_Buzuruga

Hesabu nzuri mzee, ila umemficha jambo. Yeye leo ananunua zile kali kwa 3,000 anauza 5,000. Akipata pisi 62 kali kwa mtindo huo anaweka 186,000 tu na faida ni 124,000. Halafu hana la tatu, hana madekio, hana 38 zilizododa. Belo linamtaka 465,000 ili apate 150,000. Mimi sioni kwa nini aache anachofanya.

BabaMabelo

Umesema kweli na nilikuwa naelekea huko. Kuchagua pisi siyo biashara ya wanyonge kama watu wanavyoidharau. Kasoro yake ni kwamba hapati 62 kwa asubuhi moja. Anapata 10, siku nyingine 6, kwa sababu kwenye belo lile lile wapo wengine wengi wanazitaka hizo hizo. Na mwenye belo naye ana macho, zile kali kuliko zote ameshazificha chini ya meza kwa wateja wake wa simu. Belo lako mwenyewe linakupa uhakika wa kuwa mkono wa kwanza. Huo uhakika ndio unaoulipia.

KijanaKirumba

Mbona mnakwepa suala la nchi?

BabaMabelo

Silikwepi mdogo wangu. Una ukweli nusu. Ile nchi iliyoandikwa kwenye lebo mara nyingi ni kule nguo zilikokusanywa, na mara nyingine ni kule zilikopangwa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nguo zinaweza kuvaliwa Ulaya, zikapelekwa Falme za Kiarabu, Pakistani au India, pale Kandla, zikapangwa huko na kufungwa upya, ndipo zikaja Dar. Aliyeamua kwamba hii ni A na hii ni B ni mpangaji wa hicho kiwanda, na hakuna kipimo kimoja cha dunia kinachomlazimisha. A ya kiwanda kimoja inaweza kuwa B ya jirani yake. Wengine wana gredi iliyo juu ya A wanaiita krimu, kwa hiyo A yao ni ile iliyobaki baada ya krimu kutolewa.

Nchi inakusaidia kwenye saizi na aina ya kitambaa. Korea na China saizi ndogo, Uingereza na Kanada saizi kubwa. Mteja wako ni mama wa Kisesa mwenye mwili wake, ukimletea Korea kali kiasi gani haitampita mabegani. Hapo nchi ni muhimu. Ila kukwambia kama belo limechezewa, lebo ya nchi haisemi kitu.

MamaWatoto_Nyegezi

Jamani mimi naomba niulize kuhusu langu. Nilinunua belo la nguo za watoto mchanganyiko, kilo 45, nikafurahi pisi zilikuwa zaidi ya 400. Nikasema nimepiga. Lakini zimekaa, haziishi. Wingi ulikuwa wa vichanga, vifulana vidogo vidogo, na vingi vina madoa ya maziwa kifuani. Muuzaji anasema siyo kosa lake, nililipia watoto nikapata watoto.

BabaMabelo

Mama, huyo muuzaji kwa maneno yako hajakudanganya, ila hajakusaidia. Mchanganyiko wa watoto unaanzia kichanga mpaka miaka kumi na kitu, na pisi zikizidi sana ujue uzito umegawanywa kwa vitu vidogo. Kilo 45 ni kilo 45. Blauzi ya wastani ni kama gramu 180, ndiyo maana unapata 250 hivi. Shati la kiume ni zaidi kidogo, utapata 200. Jinzi ni nusu kilo na zaidi, belo linatoa 80 au 90, basi. Watoto wakubwa kwa wadogo wakichanganyika vizuri utapata 300 na kitu. Wakati mwingine utakapoagiza uliza kuna belo la miaka miwili kwenda juu, bei yake iko juu lakini linaondoka.

Vichanga vyako usivipeleke gulioni. Tafuta akina mama karibu na kliniki, fungasha pisi tano kwa bei moja. Doa la maziwa la zamani linakuwa la njano, loweka usiku kucha kwenye sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, usiweke jiki kwenye nguo ya rangi.

MamaWatoto_Nyegezi

Ubarikiwe. Kliniki sikuwaza.

Kuli_Mstaafu

Nichangie kwenye kulijua belo kabla ya kukata, maana mimi nimebeba mabelo mpaka bega moja limeshuka.

Belo lililotoka kiwandani limeshindiliwa kwa mashine. Ukiligonga kwa ngumi linakujibu kama gunia la saruji lililolala msimu mzima. Kona zake zimekaa, mikanda imebana sawasawa, na ukipitisha kidole chini ya mkanda hakiingii. Belo la kufungwa na watu uani ni laini, lina tumbo. Mara nyingi mikanda imefungwa kwa mkono, na ukiangalia kwenye kiroba cha nje unaona alama za mikanda ya zamani zimepita pengine kabisa, siyo pale mikanda mipya ilipo. Kushona nako: mshono wa kiwandani unakwenda kwa hatua sawa, wa uani unapinda na kamba yake ni mpya kuliko kiroba.

Ukishafungua, angalia mikunjo. Nguo iliyokaa miezi kwenye shinikizo ina makunyanzi makali, yamelala pamoja kwa tabaka, kama zimekuwa karatasi. Ukikuta katikati kuna pisi imekunjwa vizuri kama ya dukani, au ina alama ya henga mabegani, au ina tundu la pini ya kuning'inizia, hiyo imeshawahi kutundikwa hapa hapa nchini ikakosa mteja ikarudishwa. Ukiona moja unaweza kusema bahati mbaya. Ukiona nyingi, belo hilo limefunguliwa.

Na pima. Watu wanaona aibu kuomba mizani! Belo la 45 likisoma 41 au 40 hapo hakuna mjadala.

BabaMabelo

Kuli umesema yote. Naongeza tahadhari moja: siyo kila belo lililofungwa tena ni wizi. Wapo wanaopokea mabelo makubwa, wanayapasua na kufunga madogo ya kilo 20 au 25 kwa wenye mtaji mdogo. Yule mwaminifu anakwambia kabisa "hili nimelifunga mimi" na bei inashuka. Mwizi ni yule anayerudisha lebo ya kiwanda juu yake.

Mlalahoi_Buzuruga

Hata wale wanaokuchania kona uone ndani wasikudanganye. Kona inaweza kupangwa. Ukiruhusiwa kuchungulia, chagua wewe pa kuchana, tena katikati ya ubavu, siyo pale anapokuonyesha kwa kidole.

Mnansio

Salamu kutoka Ukerewe. Mnazungumza blauzi tu, mimi huku visiwani nauza makoti na masweta. Mtu wa mjini atacheka, Mwanza na joto lake nani anunue sweta. Wavuvi wa dagaa wanakesha majini, upepo wa usiku ziwani hauna huruma. Belo la jaketi ambalo pale Mlango Mmoja limekaa kwa sababu hakuna anayelitaka, mimi nalipata kwa bei ya kutupa, kwangu ni gredi A.

Ila angalieni mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali watu wanatia nanga, hela inakauka mwaloni. Ukifungua belo wiki hiyo utakopesha kisiwa kizima. Mimi nafungua giza likiwa limeanza.

KijanaKirumba

Hii ya mwezi sikuijua aisee.

BintiIgoma

Nasoma yote, asanteni. Mzee BabaMabelo, ulivyogawa la kwanza, la pili na la tatu ulitumia kipimo gani? Maana mimi nikiona nguo nzuri naona nzuri tu.

BabaMabelo

Nitakueleza ninavyoshika blauzi, kwa mfuatano wangu.

Kwanza kwapa. Igeuze ndani nje, angalia kwapa. Doa la jasho lililokauka likawa gumu, la njano au lililopausha rangi, halitoki hata ufue na nini. Hiyo haiwezi kuwa la kwanza hata kama mbele inang'aa. Halafu nyanyua juu uelekee jua, kitambaa kikutazame. Vitundu vidogo vya nondo na sehemu zilizokonda kwa kuvaliwa zinaonekana hapo tu, mezani huzioni. Halafu shingo na mikono, kama imelegea au imeota vinundu. Kama ina mpira kiunoni uvute polepole karibu na sikio. Ukisikia unalia krr-krr, mpira umekufa, mteja ataurudisha baada ya kufua mara moja. Mwisho vifungo na zipu. Kifungo kimoja kikikosekana siyo tatizo, una kopo la vifungo nyumbani. Zipu ikivunjika ni gharama ya fundi, itoe la kwanza uipeleke la pili.

Ikipita yote hayo jiulize kama mteja wako ataivaa. Ndiyo maana la kwanza langu na la kwanza la mtu wa Rock City Mall hayawezi kufanana. Gauni zuri kabisa la mgongo wazi, gulioni ni la pili.

Na unapogawa usiwe peke yako. Mwenye mali huwa ana huruma na mali yake.

DadaWaMabatini

Mimi nije kwa huyo wa Dar. Nilishatumiwa video nzuri, mtu anafungua belo, blauzi zinatoka kama ndiyo zimetoka dukani, nikatuma hela. Belo likaja kweli, sikutapeliwa kwa maana ya kukosa mzigo. Lakini nilivyolifungua halikuwa na uhusiano na ile video. Nikimpigia ananiambia "dada, mtumba ni bahati". Nikimwambia anirudishie, ananiambia ungefungua mbele yangu. Nifungue mbele yako nipo Mwanza!

Kuanzia hapo sheria yangu ni moja. Video ya belo la mtu mwingine siyo ushahidi. Kama ana belo, apige picha ya lebo na mikanda ya hilo hilo linalokuja, pamoja na mizani. Likifika stendi nalilinganisha na picha kabla sijasaini kupokea.

Mlalahoi_Buzuruga

Na usipolingana unamfanya nini? Hela si ameshakula?

DadaWaMabatini

Ndiyo maana natuma nusu. Nusu nyingine nikishapokea. Wengi wanakataa, na wakikataa nimeshapata jibu langu.

Mlalahoi_Buzuruga

Hapo sikubaliani. Wapo wa Dar waaminifu kabisa ambao hawawezi kukubali nusu kwa mtu wasiyemjua, kwa sababu na wao wametapeliwa na watu wa mikoani waliopokea mzigo wakazima simu. Kukataa nusu siyo ushahidi wa wizi.

DadaWaMabatini

Basi awe na mteja wake mwingine, mimi siyo huyo.

Kuli_Mstaafu

Dawa ni kuwa na mtu Ilala. Ndugu, jirani aliyehamia, mtu yeyote. Aende agonge belo, apime, apige picha, alipe, apakie. Mpe 10,000 ya soda.

BintiIgoma

Sina mtu Ilala. Na huyu wa hapa wa 460,000, nitamjuaje?

BabaMabelo

Huyo unaye karibu, mchunguze polepole. Wewe kila alfajiri upo pale, kwa hiyo una kitu ambacho pesa hainunui. Wanaonunua kwake wanafungua mbele yako! Kaa pembeni, angalia mabelo yake yanapofunguliwa na wenzako. Soma lebo, zile herufi na namba za kiwanda, ziandike kwenye simu. Hesabu kwa macho: katika pisi kama 50 za mwanzo, watu wamegombania ngapi? Usitazame belo moja. Tazama kadhaa ya namba hiyo hiyo. Belo moja zuri linaweza kuwa bahati, na moja baya vilevile. Yakifuatana kwa kufanana, hapo una muuzaji anayepata mali kutoka mlango mmoja na haichezei njiani.

Halafu mpe mtihani wa mdomo. Muulize, "Kwa hela yangu hii, kipi nisichukue wiki hii?" Anayesema "vyote vizuri" ana haraka ya kuuza. Mimi mteja akinijia leo nitamwambia blauzi chukua, ila mzigo wa magauni niliopokea juzi una mikono mirefu mingi, uache. Nikimwambia hivyo napoteza belo moja leo, ila anarudi.

Muulize pia kuhusu kubadilisha. Wengi wana sheria ya "ukikata mkanda ni lako" na mimi siwalaumu, maana mtu anaweza kuchomoa la kwanza akarudisha makapi. Lakini wapo wanaokubali ukifungua pale pale ghalani kwake, mbele yake, na ukakuta kitu tofauti na lebo, kwa mfano belo la blauzi lina sketi nusu, analipokea. Ukipata wa namna hiyo, 460,000 yake ni rahisi kuliko 400,000 ya mwingine. Na dai risiti ya mashine. Siku ya mgogoro bila risiti hata mwenyekiti wa soko hana pa kuanzia.

Kuli_Mstaafu

Na ukikuta chupi au sidiria ndani ya belo usianike mezani, TBS hawaruhusu nguo za ndani za mtumba na mali inaweza kuchukuliwa.

Mlalahoi_Buzuruga

Zinauzwa kila kona hizo mzee.

Kuli_Mstaafu

Zinauzwa, na zinakamatwa pia.

Mnansio

Kwa maoni yangu mtaji wa 700,000 kuweka 465,000 kwenye kitu kimoja ni kujifunga kamba. Zile blauzi 38 zikidoda, hela ya kurudi sokoni inatoka wapi?

BintiIgoma

Ndicho ninachoogopa. Nimeongea na wenzangu wawili tunaogombania nao kila siku, tumefikiria kuchanga 155,000 kila mmoja tuchukue belo moja. Nabaki na 545,000 yangu naendelea kuchagua pisi. Ila tutagawanaje bila kugombana? Mmoja wetu ana jicho kali, akianza yeye tumekwisha.

BabaMabelo

Hilo wazo ni zuri kuliko yote yaliyotajwa humu, pamoja na yangu.

Msigawane kutoka kwenye lundo. Kwanza pangeni wote watatu, la kwanza huku, la pili huku, la tatu kule. Ubishi juu ya pisi iende fungu gani uishe hapo, kura mbili kwa moja. Mkimaliza ndiyo mnachagua, fungu moja moja, mkianza na la kwanza. Pigeni kura ya nani aanze. Akichagua wa kwanza, wa pili, wa tatu, duru inayofuata aanze wa tatu, arudi wa pili, amalizie wa kwanza. Mnakwenda mnageuza hivyo. Yule wa tatu anapata mbili mfululizo, jicho kali la mwenzenu halitawaumiza sana. Fungu la pili, kura mpya.

MamaWatoto_Nyegezi

Na zile mbovu?

BabaMabelo

Msigawane. Zifungeni pamoja, pelekeni gereji za Mabatini wauziwe kama matambara ya kufutia oili, hela hiyo ilipe bajaji.

KijanaKirumba

Dada ukifungua leta mrejesho na karatasi ya hesabu, na useme lilikuwa la nchi gani.

BintiIgoma

Haha, nitasema kaka. Tumekubaliana tukae pembeni kwanza tuangalie mabelo yake kadhaa yakifunguliwa. Nimeanza kuandika namba za lebo, leo alifungua mteja mmoja, katika zile za juu watu waligombania kama kumi na tano hivi. Sijui ni nyingi au chache.

BabaMabelo

Katika 50? Hiyo ni nzuri. Ila zile za juu zisikudanganye, angalia na za tumboni.